Safu ya Mwanafunzi

Jina lake kamili limo kwenye faili la ofisi, lakini ukiliulizia pale shuleni utazungushwa mpaka uchoke. Ulizia Redio. Hata mlinzi wa geti atakunyooshea kidole: yule pale, mrefu, shati limechomekwa, kipande cha chaki kimekaa juu ya sikio utafikiri fundi seremala.

Jina hilo hakulitafuta, alipewa. Akianza kufundisha, madarasa ya jirani yanazima. Kuna siku nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu upande wa pili wa ukuta, nikageuka kutoka ubaoni nikakuta darasa zima limeniwekea visogo. Nikafoka, "Mnaangalia nini huko?" Mmoja akajibu bila woga, "Tunamsikiliza Redio, mwalimu, amefika patamu." Nilikasirika nusura nipasuke. Halafu na mimi nikanyamaza nikasikiliza, maana kweli alikuwa amefika patamu.

Na mimi alinifundisha, msinione hivi. Nilikaa kwenye madawati yaleyale. Ualimu nimeingia kwa sababu yake, sifichi. Sasa mimi ndiye mwalimu wa taaluma, yaani maandalio ya masomo ya walimu wote yanapita mezani kwangu kabla Mkuu hajatia sahihi. Walimu wenzangu hawanipendi sana kwa hilo. Wanasema nina mdomo. Ndiyo, ninao, na mtu akiniletea andalio la mwaka jana amefuta tarehe tu, nitamrudishia mbele za watu. Ila kwa Redio mdomo wangu ulikuwa unapata adabu. Yeye ananiita mwanangu, mimi namwita Mwalimu, basi.

Siku hiyo Mkuu aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, jambo ambalo si kawaida yake, kwani ni mtu wa kunong'ona na kunyata. Akasema ofisi ya elimu imetuomba somo moja la sayansi la mfano. Litachapishwa na jina la mwalimu, lipelekwe shule zote za wilaya, walimu wengine wafundishe kwa kuliiga. Ijumaa wanakuja kulichukua.

"Na hatuna haja ya kukuna vichwa," akasema. "Redio."

"Sasa ungemtaja nani mwingine?" nikamjibu.

Redio alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Tulimwita, Mkuu akamweleza. Mzee wa watu alisimama pale katikati ya ofisi, akachomoa chaki sikioni, akairudisha, akaichomoa tena. Nilidhani atatania, maana hakosi la kusema. Hakutania.

"Unajua, Mkuu," akasema, "sauti ni kitu cha bure. Ukitoka mlangoni, imeisha. Kila nikiwaza mwisho wa mwaka najiuliza, hivi naacha nini hapa? Viatu? Basi Mungu ni mkubwa. Nitakuwa nimeacha kitu."

Nikajiapiza moyoni kwamba somo hilo litatoka, litatoka na jina lake, hata kama nitalala ofisini.

Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho ni fomati. Andalio la somo lina umbo lake: juu malengo, chini yake zana, kisha jedwali la shughuli lenye safu mbili, shughuli za mwalimu upande huu na shughuli za mwanafunzi upande ule, hatua kwa hatua pamoja na muda wake, na mwisho kabisa tathmini. Sisi wengine tunalijaza hata tukiwa usingizini. Redio hakuwahi kulijaza maishani. Wakuu waliopita walimwachia. Mkaguzi akija, anakaa nyuma ya darasa lake dakika chache, anacheka mpaka anafuta machozi, anasahau kuuliza karatasi.

"Wewe nipe ulichonacho," nikamwambia, "kazi ya kukipanga ni yangu."

Akaniletea daftari lililochoka, kona zimejikunja, mada ni mchana na usiku, darasa la nne. Ukurasa mmoja tu. Nikausoma pale mbele ya kompyuta ya ofisi, huku feni inapuliza vumbi la chaki, na haki ya Mungu niliisikia sauti yake. *Anza na jua. Waulize nani amewahi kuliona likiamka. Jinyooshe, piga mwayo, wacheke. Sema linavyonawa uso, linavyopanda kilima likihema, saa sita limechoka linajipangusa jasho, jioni linaburuta miguu kwenda kulala. Shusha sauti. Subiri. Halafu washtue: jua halijaenda popote, ni dunia inayojizungusha. Wakiguna, ni vizuri.*

Nikakunja mikono ya blauzi nikaanza kulikata somo hilo vipande.

Malengo yalinisumbua kidogo tu. Yeye aliniambia andika, "waelewe." Nikamwambia Mwalimu, kuelewa hakupimwi, hakuna mtu aliyewahi kuona kuelewa kwa macho. Tunaandika kitu ambacho mtoto atakifanya ukamwona. Tukakubaliana: kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kueleza kwa nini kuna mchana na usiku.

"Zana?" nikauliza.

"Andika mdomo."

"Mwalimu, mdomo si zana."

"Yangu ndiyo hiyo, mwanangu. Sijawahi kubeba nyingine."

Tukacheka. Nikaandika tochi na mpira, kwa kuwa kisanduku cha zana hakiachwi wazi, na kila mwenye kufundisha mada hii huandika tochi na mpira. Akaniuliza tochi ataifanyia nini. Nikamwambia haifanyi kitu, ni ya kujazia. Akanitazama kama niliyesema jambo la ajabu, lakini hakubisha.

Kisha nikafika kwenye jedwali. Upande wa mwalimu ulijaa raha mustarehe: kuuliza, kujinyoosha, kusimulia, kuigiza, kushusha sauti, kushtua, kufafanua. Nikahamia upande wa mwanafunzi. Hatua ya kwanza: kusikiliza na kucheka. Hatua ya pili: kusikiliza. Hatua ya tatu: kusikiliza kwa makini. Ya nne nikaandika kusikiliza, nikafuta, nikaandika kufuatilia, nikaona ni kulekule. Hatua ya tano: kuguna.

Niliondoa mikono kwenye kibodi. Jamani! Nililitazama jedwali lile, upande mmoja msitu, upande mwingine jangwa. Huyu ndiye mwalimu bora niliyewahi kumwona, na kwenye karatasi watoto wake hawafanyi kitu chochote isipokuwa kuwa na masikio.

Redio alikuwa amesimama nyuma yangu, miwani imeshuka puani. Akaisoma ile safu kimya, kuanzia juu hadi chini, halafu akairudia.

"Ndivyo ilivyo?" akauliza.

"Ni fomati tu, Mwalimu. Fomati zina roho mbaya. Nitaweka hapa 'kujadili katika vikundi', hapa 'kujibu maswali', tumemaliza."

"Lakini hawajadili katika vikundi."

"Nani atakuja kuchungulia?"

Nikaharakisha kwenda kwenye tathmini, nimalize kabla kichwa hakijamuuma. Nikaandika kama tunavyoandika wote, mkono ukienda wenyewe: wanafunzi wengi wameelewa somo. Hapo ndipo alipoweka kidole chake kwenye kioo cha kompyuta.

"Hili umelijuaje?"

"Lipi?"

"Kwamba wengi wameelewa. Mwaka huu sijafundisha mada hii. Ni kesho."

Nilicheka, nikidhani ananichokoza. Hakuwa anachokoza. Yule mzee alidhani kisanduku cha tathmini hujazwa baada ya somo, kwa kile kilichotokea! Alidhani sisi sote, kila siku ya Mungu, huwa tunakwenda darasani, tunafundisha, tunawauliza watoto, halafu tunarudi kuandika ukweli. Nilitamani kumwambia, nikaona haya. Nikafuta ile sentensi nikamwambia, sawa, tutajaza kesho.

"Ndiyo maana yake," akasema. "Nitawauliza. Lengo si tumesema waeleze? Basi wataeleza."

Kesho yake nilikwenda kukaa nyuma ya darasa la nne, nimebeba nakala ya andalio. Alifundisha kama alivyofundisha siku zote, sasa niwaambie nini zaidi? Alipopiga mwayo wa jua, darasa zima lilipiga mwayo. Alipoburuta miguu kwenda mlangoni, kuna mtoto alimwonea huruma akasema, "Pole, jua." Aliposhusha sauti, nzi angeruka ungemsikia. Akawashtua. Wakaguna. Mimi mwenyewe niliguna, na somo nalijua.

Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Akawaambia watoe vipande vya karatasi, akaandika swali ubaoni: usiku ukiwa umelala, jua liko wapi, na kwa nini hulioni? Wakaandika wakiwa na furaha, ndimi nje. Akakusanya, akaja kukaa na mimi kwenye dawati la nyuma, magoti yamemfika kifuani, tukaanza kusoma.

*Jua limelala kwao.*

Akatabasamu. Akafungua nyingine. *Limechoka linapumzika nyuma ya mlima.* Nyingine. *Silioni kwa sababu limezima taa.* Nyingine. *Limeingia chini ya ardhi litaamka asubuhi linawe uso.* Tabasamu likaanza kupungua. Akawa anafungua haraka haraka, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Limelala. Limelala. Limelala na mama yake. Mtoto mmoja alikuwa amechora kitanda, na jua limejifunika shuka, miale imetokeza miguuni. Walioandika kwamba dunia imejizungusha ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mmoja wao aliongeza kuwa imejizungusha ili isiliamshe jua.

Mama yangu! Niligeuka nikamtazama Redio, nikajuta. Midomo ilikuwa imemkauka. Amekodoa macho kwenye ule mchoro wa kitanda, mkono umebaki hewani.

"Si niliwaambia?" akaninong'oneza. "Umenisikia. Niliwaambia halijaenda popote."

"Uliwaambia, Mwalimu."

"Niliwaambia waziwazi."

"Mara moja," nikasema. Likanitoka tu, sikulitaka. "Mara moja, mwishoni. Kulala ndiko kulikokaa kipindi kizima."

Alinyanyuka, akazikusanya zile karatasi zote, akatoka nazo. Kengele ilikuwa haijalia. Watoto wakabaki wananitazama mimi, wanangoja niwaambie kama wamepata.

Jioni sikuweza kutulia. Nikapita nyumbani kwake. Mkewe, ambaye sote tunamwita Shangazi, alinifungulia mlango akiwa ameshika ufagio, akanivutia jikoni kabla sijasalimia vizuri.

"Mmemfanya nini mume wangu?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mmemfanya nini? Amekuja hajasema neno. Hajasema neno, unanielewa? Mimi ndani ya nyumba hii leo ndiyo nimejua saa ya ukutani ina mlio. Nimeshtuka nikadhani kuna mdudu."

Nilitaka kucheka, machozi ndiyo yakanilenga. Tukaingia sebuleni. Redio alikuwa amekaa sakafuni, mtu mzima yule, karatasi za watoto zimetandazwa mbele yake, pembeni mpira wa mjukuu wake na tochi ya nyumbani. Hakuinuka. Akamwangalia mkewe.

"Mama watoto, nikuulize. Usiku jua linakuwa wapi?"

Shangazi akaweka mkono kiunoni. "Si linalala?"

Redio akafumba macho.

"Nini tena? Si wewe unayesema kila mwaka hapo mbele ya kioo ukifanya mazoezi ya somo? Linaburuta miguu, linakwenda kulala. Nimelisikia mpaka naliota. Nimekosea wapi?"

"Na lile la mwisho? La dunia?"

"La mwisho huwa silisikii. Ukishafika kwenye kulala naenda kugeuza mboga."

Salaale. Ingekuwa siku nyingine tungecheka mpaka tukae chini. Redio hakucheka. Akanigeukia mimi, na nilijua swali linalokuja kabla halijatoka, nikatamani ardhi inimeze.

"Na wewe, mwanangu? Ulikaa dawati la pili, karibu na dirisha. Mimi ndiye niliyekufundisha mchana na usiku. Niambie ukweli, ulilijua lini?"

Ningeweza kudanganya. Mdomo huu umedanganya wakaguzi wa kila aina. Lakini yule ni Mwalimu, na alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayengoja majibu ya daktari.

"Chuoni," nikasema. "Chuo cha ualimu, Mwalimu. Mkufunzi aliuliza, nikanyoosha mkono wa kwanza, nikajibu kwa kujiamini. Darasa zima lilicheka. Nilikuwa najua kila neno lako, mwayo, jasho, miguu. Hilo lingine sikuwa nalo."

Shangazi akashika mdomo. Saa ya ukutani ikawa inagonga peke yake, na kweli ina mlio mbaya. Redio alikaa na ule mpira mapajani. Sikuwahi kumwona mtu akizeeka mbele yangu, siku hiyo nilimwona. Nikaanza kusema maneno ya kufariji, kwamba sote tulimpenda, kwamba ndiye aliyenifanya mwalimu. Akanikata.

"Usinibembeleze. Vuta kiti. Ile safu ya mwanafunzi, tunaiandikaje?"

Tuliiandika upya pale sebuleni. Kila nilipotaja jambo, aliuliza mkono wa mtoto utakuwa umeshika nini. Tochi ikaacha kuwa ya kujazia. Shangazi akawa mwanafunzi wetu, tukazima taa, tukabandika kipande cha plasta kwenye mpira kuwa ndiyo shule yetu. Alipopewa tochi, kitu cha kwanza alichofanya ni kuizungusha tochi kuuzunguka mpira! Redio aliruka kama aliyekanyaga moto, akafungua mdomo, halafu akaufunga. Akaandika kwenye zana: tochi iwekwe mezani juu ya vitabu, isishikwe. Wa kuzungushwa ni mpira, na hapo hapo ulipo. Shangazi akauzungusha polepole, ile plasta ikaingia gizani, ikatoka upande wa pili.

"Kumbe tochi haijasogea," akasema. Kisha akamgeukia mumewe kwa hasira ya kweli. "Yaani miaka yote hii umenificha!"

Alhamisi akarudia kipindi. Tuliziba madirisha kwa maboksi, watoto wakakaa vikundi vikundi, kila kikundi na mpira wake au chungwa lake. Upande wa mwalimu sasa ulikuwa na mistari michache tu, na mmoja kati ya hiyo ulisema: kunyamaza na kutazama. Huo ndio uliomshinda. Nilimwona amesimama katikati ya kelele na giza, mikono ameifungia nyuma, misuli ya shingo imemtoka, akisikia watoto wakikosea, wakigombania chungwa, wakibishana nani kasukuma vitabu. Hawakuwa wakimsikiliza. Hakuna aliyemtazama hata mara moja. Jasho lilikuwa linamtiririka, na akatoka nje kidogo akarudi.

Aliuliza lile swali lilelile. Wakaandika. Nusu ya darasa waliandika kwamba dunia imezunguka na upande wetu umeingia gizani, wengine wakachora na plasta. Nusu ya darasa! Kwangu mimi huo ulikuwa muujiza. Lakini kwa nusu nyingine jua lilikuwa bado limelala, na wachache walisema tochi iliishiwa betri.

Ijumaa asubuhi tulikuwa kwa Mkuu, andalio limechapwa safi, jina la Redio juu. Mkuu alisoma akitikisa kichwa kwa furaha, malengo safi, zana safi, shughuli safi kabisa, mpaka akafika chini. Kichwa kikasimama.

Redio alikuwa ameijaza tathmini kwa mkono wake: *Nusu ya wanafunzi hawajaelewa. Mwalimu amewafundisha vibaya mara ya kwanza na ndiyo sababu. Kipindi kirudiwe.*

"Hii ni nini?" akanong'ona Mkuu.

"Ni tathmini," akasema Redio.

"Mwalimu wangu, hili ni somo la mfano. La mfano! Wilaya nzima italisoma. Siwezi kupeleka mfano unaosema umeshindwa."

"Haujashindwa. Umefika nusu."

"Andika 'wengi wameelewa'. Maneno mawili tu, gari linakuja."

"Si wengi. Ni nusu."

Hapo na mimi nikaingilia, sauti ikapanda, nilimwambia Mkuu mambo ambayo mwalimu wa taaluma hamwambii mkuu wake. Nilimgeukia na Redio pia, nikamsihi. Mwalimu, ni sentensi moja, jina lako litafika kila shule, si ulisema unataka kuacha kitu? Kila mtu anaandika hivyo! Akanitazama bila kuelewa.

"Kila mtu anaandika hivyo kwa sababu wameelewa," akasema. "Wangu hawajaelewa. Mpelekeni ambaye wake wameelewa."

Akachukua karatasi yake mezani, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa shati, akatoka zake.

Mkuu alishusha pumzi. Akafungua faili la maandalio ya sayansi, akapekua, akachomoa moja. Lilikuwa la kwangu, la mizizi na kazi zake, darasa la sita. Malengo yamenyooka, safu zote mbili zimejaa, zana za kutosha, na chini kabisa kwa mwandiko wangu mzuri: asilimia tisini ya wanafunzi wameelewa. Kabla sijapata la kusema, lilikuwa ndani ya bahasha, na bahasha mikononi mwa dereva wa ofisi ya elimu.

Nilirudi mezani kwangu nikakaa. Mlango ukabishwa hodi kwa adabu, akaingia Redio. Amenawa uso, shati limechomekwa upya. Nilijua amekuja kunilaumu, na nikawa tayari, maana nilistahili.

"Nimeambiwa limekwenda la kwako," akasema. "Hongera sana, mwanangu. Nimefurahi kuliko ningefurahia la kwangu."

"Mwalimu, ngoja nikwambie..."

"Subiri, niache niseme kabla sijaona haya. Nimeiona nakala yake, Mkuu ameibandika kwenye ubao wa matangazo. Tisini kati ya mia! Mimi kwa tochi na mpira na kuuma meno nimepata nusu." Akavuta kiti akakaa mbele yangu, pale wanapokaa walimu wanaokuja kukaguliwa. "Nina miezi michache imebaki, na Jumatatu nawarudia wale watoto. Nifundishe. Uliwauliza nini, na wao walijibuje?"

Akafungua daftari ukurasa mpya, akatoa kalamu, akanisubiri nianze.